Duka Langu Linaitwa Uji

Miaka saba iliyopita nilifungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, nikalipa jina zuri la Ujenzi Imara, nikalisajili BRELA, nikamlipa mchoraji aandike ubao kwa rangi ya buluu, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Haikupita miezi miwili nikawa mmiliki halali wa duka linaloitwa Uji.

Kosa lilianzia kwa fundi mmoja aliyekuwa akiacha mzigo wake kwangu. Ili mifuko yake ya simenti isichanganyike na ya wengine, aliandika kwa mkaa “UJ. I.” kwenye kila mfuko. Nukta zilifutika njiani, neno likabaki, na kuanzia hapo kila aliyepita kwenye eneo lake la kazi alijua kwamba nyumba ile inajengwa kwa uji.

Kama ningekuwa nauza vyakula, ningenyamaza. Lakini mimi nauza simenti, na mafundi wetu, Mungu awasamehe, hupenda kuzidisha maji kwenye zege ili limwagike kwa urahisi. Zege lenye maji mengi hukauka likiwa dhaifu, hata simenti ingekuwa ya daraja gani. Zamani sakafu ikipasuka alilaumiwa fundi. Sasa fundi anashika kiuno, anatikisa kichwa na kumwambia mwenye nyumba, “Mzee, simenti yenyewe ulinunua Uji, ulitegemea nini?”

Nilipopata kibanda cha duka la pili niliapa kwamba safari hii jina litapimwa kabla ya kupakwa rangi. Nilikaa na binti yangu anayesoma kidato cha nne, naye akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa ubao mzima. Waswahili tunafupisha kwa njia mbili. Herufi za mwanzo zikigoma kutamkika pamoja, kama NSSF, tunazisoma mojamoja na hakuna anayeumia. Lakini tunachopenda zaidi ni kuchukua silabi ya kwanza ya kila neno na kuruka vile viunganishi vidogo vya “la” na “na”, ndiyo maana Baraza la Kiswahili la Taifa likawa BAKITA. Silabi zetu huishia kwa irabu, hivyo ukizipanga mbili tu tayari una neno, na mara nyingi neno hilo limeshakuwa na mwenyewe.

Nikamwambia jina langu jipya: Makazi na Vifaa. Aliandika silabi mbili za mwanzo kwenye daftari, akaziangalia, akaomba ruhusa kwenda kunywa maji. Nilivuta daftari nikajisomea mwenyewe. Nilijiona nimesimama dukani, mteja anapiga simu mbele yangu na kumwambia mkewe kwamba amenunua bati zote za nyumba yao pale MAVI.

Tukajaribu Kudumu na Faraja, jina ambalo hata shehe wa mtaa angelibariki, likatoka KUFA. Mama watoto, aliyekuwa akichambua mchele pembeni bila kuulizwa, akasema heri Uji, maana angalau mtu anaupata akiwa hai.

Basi binti akatoa dawa: neno moja lenye silabi mbili, kwa sababu halina pa kukatwa. Ukilikata linabaki mlio tu. Shida ni kwamba wajanja wote wa nchi hii walishagundua dawa hiyo kabla yangu, na msajili hakubali jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa. Kila jina fupi zuri nililoliwaza lilikuwa na mwenyewe tayari. Hatimaye nikapata Ngao, tena kwa kuongeza mtaa wetu nyuma yake ili lipite. Nikajipongeza. Hata Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, isingepata cha kunyofoa kwenye Ngao.

Nikatengeneza ubao, nikachonga mhuri na kurekebisha jina kwenye mashine ya risiti. Siku ya kufungua niliweka kiti mlangoni nikasubiri kusikia watakavyolifupisha.

Hawakulifupisha. Yule yule fundi wa mkaa alifika, akausoma ubao kwa sauti, akaridhika, akatoa simu kumwelekeza kijana wake aje na guta kuchukua nondo.

“Siyo kule,” alisema. “Njoo huku mjini. Panaitwa Ngao ya Uji.”