Mtoto anatapika alfajiri, saa nne anacheza, na nyie mnampa mseto wa nne

Mi ni tabibu, nafanya kazi Kigoma mjini, na kitu ninachotaka kukisema leo kimenikaa rohoni tangu mwaka jana. Alikuja mama mmoja wa Ujiji na binti yake wa miaka 9, darasa la tatu, amebeba mfuko wa rambo umejaa vyeti vya zahanati. Nikavipanga mezani kwa tarehe. Wiki saba. Malaria mara tatu, mara tatu mseto, katikati wakaambiwa ni taifodi wakanunua dawa za siku kumi, halafu mahali pengine ikaandikwa vidonda vya tumbo. Bibi yake nae nyumbani alishasema ni mchango akamchemshia mizizi.

Nikamuuliza mama swali moja tu, anaumwa saa ngapi? Akasema daktari, huyu anaamka saa kumi na moja ananishika mkono analia kichwa, analala tena, akiinuka tu kwenda chooni anatapika, wala hajala kitu, yanatoka maji ya njano, na akishatapika anatulia, ikifika saa nne anaomba chai anakunywa na mhogo wake anaenda kucheza. Baba yake anasema anakwepa shule. Nikamuuliza na Jumamosi je? Na Jumapili? Akafikiria kidogo akasema hata Idi aliamka hivohivo.

Hapo ndo nilipoacha kuwaza malaria, nikaanza kuwaza uvimbe kwenye ubongo. Mtoto anaekwepa shule hatapiki Jumapili. Na malaria haikuachi saa nne ukacheza rede halafu kesho alfajiri ikakurudia bila homa kwa wiki saba.

Ngoja nieleze kwanini asubuhi, maana wazazi wengi hawajawahi kuambiwa. Fuvu la mtoto wa shule limeshafunga, ni kama chungu chenye mfuniko ulioganda, ndani kuna ubongo, damu, na maji ambayo ubongo unayatengeneza kila siku na kuyatoa kupitia vinjia vyembamba. Kukiota kitu kinachobana kile kinjia, maji yanajaa nyuma yake na shinikizo linapanda. Sa usiku mtoto amelala bapa, damu ya kichwani inashuka kwa shida kuliko akiwa wima, na ukiwa usingizini unapumua taratibu, hewa chafu inaongezeka kidogo kwenye damu na mishipa ya ubongo inatanuka. Kwahiyo kama ndani kulikuwa kumebana tayari, alfajiri ndo panabana zaidi. Akiamka akakaa, akatembea, panalegea. Tumbo lake halina kosa lolote, anatapika kwasababu sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika imekandamizwa, ndo maana wengine wanatapika ghafla hata kichefuchefu hawakusikia.

Sasa kuhusu vile vipimo vya malaria, nisionekane nawasema wenzangu bure. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kubaki na mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwasababu kinasoma protini ya mdudu iliyobaki kwenye damu, sio mdudu mwenyewe. Na huku kwetu mtoto anaweza kuwa na wadudu wachache damuni na wasiwe ndo wanaomuumiza. Kwahiyo "positivu" ya pili na ya tatu ilitakiwa ipelekwe kwenye darubini, na hata kama wadudu wangeonekana, mtu angejiuliza mbona mseto umeisha na kichwa kiko palepale. Ile ya taifodi kwa kipimo kimoja cha damu ndo kabisa, inadanganya sana.

Kuna mstari kwenye sakafu yetu, sementi ilipounganishwa. Nikamwambia binti tembea juu ya huo mstari, kisigino kiguse vidole, hatua kumi. Mtoto wa darasa la tatu anafanya hilo huku anacheka. Huyu hatua ya tatu akaenda kushoto, akarudi, ya tano akashika ukuta. Nikamwambia gusa kidole changu halafu pua yako, mkono wa kulia sawa, wa kushoto ukawa unatetemeka kadiri unavokaribia. Na shingo yake alikuwa ameilaza upande, mama anadhani ni mazoea tu. Nikaomba daftari. Mama alikuwa nalo kwenye mfuko, huyo binti anaandika kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa pili herufi zimekaa juu ya mstari vizuri, mwezi wa nne zinapanda na kushuka kama zimeandikwa ndani ya gari, na mwalimu ameweka wino mwekundu: ANDIKA VIZURI. Yule mwalimu aliiona dalili kabla yetu sote, ila hakuna aliemwambia kwamba hiyo ni dalili.

Hii yote haikuchukua dakika kumi wala haikuhitaji umeme. Nikampima presha (presha kubwa ya figo nayo inaleta kichwa na kutapika kwa mtoto, na ni wachache wanaompima), ikawa kawaida. Nikampeleka kwa mwenzetu wa macho, akamuangalia nyuma ya jicho kwa kile kitochi, akaniita: pale mshipa wa macho unapoingilia pamevimba pande zote. Ila ningekuta macho safi bado ningempeleka mbele, maana uvimbe wa jicho huwa unachelewa na kwa wengine hautokei.

Sisemi kila mtoto mwenye kichwa ana uvimbe kwenye ubongo, hapana, wengi hawana. Kipandauso nacho kinatapisha, ila kinakuja siku moja na kuondoka, katikati mtoto mzima, na akilala giza kinapoa. Huyu wetu kichwa kilikuwa kinazaliwa usingizini. Kichwa cha macho mabovu kinakuja mchana baada ya kusoma, kwahiyo miwani sio jibu la saa kumi na moja alfajiri. Na kama mnalala na jiko la mkaa chumbani na wote mnaamka na vichwa, ni moshi ule usioonekana, toeni jiko usiku huohuo. Ila kutapika kwa namna hii kukipita wiki mbili, mtoto apimwe kutembea, mikono na macho, basi, msisubiri homa. Akianza kusinzia mchana mpaka haamki vizuri, au degedege, hiyo ni siku hiyohiyo hospitali kubwa.

Tukampa rufaa mkoani, kutoka pale wakapanda basi la Mwanza, safari ya Kasulu, Kibondo mpaka kule, mtoto amelazwa kichwa kimeinuliwa. Siti skani ikaonesha uvimbe kwenye ubongo mdogo, nyuma upande wa kushoto, na maji yamejaa mbele yake. Wakautoa. Ilikuwa ile aina inayokua polepole, ikitoka yote mara nyingi inatosha.

Nilienda kuwasalimia mwezi uliopita. Anaandika polepole, mstari bado anautembea kwa kuyumba kidogo. Mama anasema kutapika kuliisha hospitalini hukohuko, ila yeye mpaka leo ikifika saa kumi na moja macho yanafunguka yenyewe, anakaa kitandani anasikiliza chumba cha pili.