Chupa ya asali kwa kahawa ya Mama

Jumapili moja, baada ya misa hapa Kadutu, mjini Bukavu, rafiki wa mama yangu alimletea chupa ya asali. "Tia hii kwa kahawa, achana na sukari, hii haina shida." Daktari alikuwa amemwambia Mama apunguze sukari, basi akafurahi. Mimi hasira ilinipanda, na bado ninayo. Sehemu nne kwa tano za asali ni sukari tupu! Tena ni nzito: kijiko cha chai cha asali kina gramu saba hivi, cha sukari gramu nne. Kwa hiyo kijiko kile "kisicho na shida" kina sukari nyingi zaidi. Harufu yake ni nzuri, hilo sikatai.

Mama alikuwa akitia vijiko vitatu kwa kikombe. Wengi hukata nusu siku moja, na siku ya tatu wanarudi kule kule. Sisi tuliondoa robo kijiko kila baada ya siku kumi. Robo kwa vijiko vitatu ni sehemu moja kwa kumi na mbili, ulimi hauioni. Tukashuka hivyo mpaka kijiko kimoja na robo bila neno. Tulipofika kijiko kimoja, akaweka kikombe chini: "Mwanangu, leo umeninyima." Robo ilikuwa ile ile, lakini sasa ilikuwa moja kwa tano ya sukari yote. Kosa lilikuwa langu. Kadiri sukari inavyopungua, hatua nayo lazima ipungue.

Robo ya robo nani ataipima? Tukaacha kupimia kwa kikombe, tukapimia kwa termosi. Termosi yetu ya lita moja inatoa vikombe vitano. Tukarudi kwenye vijiko sita kwa termosi, halafu tukaondoa nusu kijiko kila wiki mbili. Hakulalamika tena.

Hapo ndipo nikaingiza chumvi, ili ipunguze uchungu wa kahawa ambao sukari ilikuwa ikiuficha. Sukari hufunika uchungu zaidi ndani ya ubongo, pale ladha mbili zinapogombana. Chumvi huuzuia palepale kwenye ulimi, kabla haujafika. Ndiyo maana kidogo sana kinatosha: kibano kimoja cha vidole viwili kwa termosi nzima. Ukionja chumvi yenyewe, umezidisha. Na mwenye presha amuulize daktari wake kwanza. Chumvi haileti utamu, wala haizuii kila uchungu kwa nguvu sawa. Kahawa yetu ya Kivu ni nzuri, lakini tukiikaanga nyumbani mpaka iwe nyeusi kama makaa, tunaongeza uchungu kwa mikono yetu, kisha tunautafutia sukari. Siku hizi naiepua ikiwa bado ya kahawia.

Leo termosi ya Mama ina vijiko viwili na nusu. Wiki ijayo tunaondoa robo tu, kwa sababu nusu sasa ingekuwa tena moja kwa tano.