Tazama kinachofuata de

Juzi nilioneshwa insha ya mwanafunzi wa Kichina iliyorudishwa ikiwa imejaa duara nyekundu, na pembeni ya kila duara pameandikwa neno moja tu: «de», sauti ya maneno madogo matatu ya Kichina yanayoandikwa tofauti, 的, 地 na 得. Masahihisho ya namna hiyo yanaudhi, kwa sababu yanamwonesha mwanafunzi mahali alipokosea bila kumpa njia ya kutokosea tena.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: 他高兴的跑回家，跑的很快，老师说的话他都记的很清楚。 Alitaka kusema kwamba fulani alikimbia nyumbani kwa furaha, tena kwa kasi, na kwamba maneno yote aliyosema mwalimu aliyakumbuka vizuri. Kuna 的 nne, na ni ya tatu pekee iliyo sahihi.

Chanzo cha mkanganyiko ni kanuni ambayo walimu wengi huianza vibaya. Mwanafunzi huambiwa kwamba baada ya kitenzi huja 得, naye akiitii kanuni hiyo kwa uaminifu ataliharibu hata lile alilopatia, aandike 说得话, kwa kuwa 说 ni kitenzi. Neno linalotangulia haliamui. Linaloamua ni linalofuata: baada ya 说的 kuna 话, «maneno», ambalo ni nomino, na nomino iliyoelezwa huitaka 的, iwe imeelezwa na mtu, sifa au sentensi nzima. Baada ya 高兴 kuna kitenzi 跑, hivyo inatakiwa 地. Baada ya 跑 na 记 hakuna nomino wala kitenzi kinachoelezwa, bali yapo maelezo ya jinsi tendo lilivyokuwa, 很快 na 很清楚, na hapo ndipo penye 得.

Msemaji wa Kiswahili ana kikwazo cha ziada. Sisi husema «alikimbia kwa furaha» na «alikimbia kwa kasi» kwa mpangilio uleule, kielezi kikifuata kitenzi, ilhali Kichina hulitanguliza la kwanza kwa 地 na kuliweka la pili nyuma kwa 得.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Wachina wenyewe katika ujumbe wa simu huandika 的 kila mahali, maana ukichapa de ndiyo hujitokeza kwanza. Lakini mwanafunzi anaandika insha ya kusahihishwa.

Ipo pia hali ambayo nomino imeachwa, kama 他说的很对, «alichosema ni sahihi». Hapo jaribu kurudisha 话: 他说的话很对 inakubalika, kwa hiyo 的 ina nafasi yake, ingawa 他说得很对 nayo ni sahihi. Jaribu vivyo hivyo kwenye 跑的很快 ya mwanafunzi wetu, katika maana aliyoikusudia, na hutapata nomino ya kurudisha. Badala yake uliza 跑得快不快, «alikimbia kwa kasi au la?», nalo swali litasimama bila shida. Ningependa mwalimu yule angepigia mstari 很快, si de.