Faida Imelala Rafuni, Kodi Imesimama Mlangoni

Jamani, nimetajirika na sina habari. Aliyeniletea habari ni mhasibu, binti mmoja mpole anayebeba faili nene kuliko godoro langu. "Hongera mzee, mwaka huu umepata faida ya 12,000." Nikapapasa mifuko ya suruali. Nikapapasa ya koti. Nikamuuliza kama hilo faili ni langu kweli.

Hesabu yangu mimi ni ya mfukoni. Mwaka huu nilinunua makufuli mara tatu, kila mara mia moja. Ya kwanza kwa 100 kila moja, ya pili kwa 120, ya tatu kwa 140. Jumla nikatoa 36,000. Yote yalipokwisha kuingia ndipo nikauza 200, kila moja kwa 170, nikapokea 34,000. Nimetoa 36,000, nimepokea 34,000. Hapo faida imepitia mlango gani?

"Mzee, una makufuli mia yamebaki stoo," akasema. "Hayo ni mali, bado hayajawa gharama ya mauzo." Sawa, hilo nalielewa. Ila yamebaki kwa bei gani? Kumbe ugomvi wote uko hapo.

Vitabu vyangu vinafuata mtindo wa cha kwanza kuingia, cha kwanza kutoka. Basi yale 200 niliyouza yanahesabiwa kuwa ndiyo ya 100 na ya 120, gharama yake 22,000. Ukitoa kwenye 34,000 inabaki hiyo 12,000 ya kunipongezea. Yaliyolala rafuni ni yale ya bei kali, thamani yake 14,000.

Nikaona nimemkamata. "Binti, ya zamani yako nyuma kabisa, yamevaa vumbi. Mimi niliuza mapya ya mbele!" Hakutikisika. Akasema mtindo huu hupanga gharama, haupangi rafu. Makufuli yanafanana, na kitabu hakifuatilii mkono wangu ulichomoa lipi.

"Basi andika nimeuza ya mwisho kwanza!" Nilikuwa nimeshapiga hesabu: 14,000 na 12,000, gharama 26,000, faida inanywea hadi 8,000. Akatabasamu. Kumbe wajanja walinitangulia. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 2, imeukataa mtindo huo tangu 2005. Marekani bado wanaruhusiwa. Mimi na Marekani tumekutana wapi?

Kilichobaki ni wastani. Chukua 36,000, gawanya kwa makufuli 300, kila moja linakuwa 120. Niliyouza yanagharimu 24,000, faida inashuka hadi 10,000, na rafuni inabaki 12,000. Tuseme kodi ni asilimia 30: mtindo wa kwanza nalipa 3,600, wa wastani nalipa 3,000. Makufuli yaleyale, wateja walewale, tofauti 600!

Sababu yake ndiyo inayonichoma. Bei zikipanda, mtindo wa kwanza unachukua mauzo ya leo na kuyatolea gharama ya juzi. Yale ya 100 yanaonekana yamenipa faida ya 70 kila moja. Lakini nikienda kujaza rafu naambiwa sasa ni 150! Muuza jumla ananidai kwa bei ya leo, kodi inanihesabia kwa bei ya juzi, na mimi niko katikati kama nguo ya kukamuliwa. Wastani nao hauniokoi kikamilifu, unachanganya tu bei za zamani na mpya ili pigo lipungue.

"Tuhamie wastani leo hii!" nikasema. Akaniambia nisishangilie mapema. Mwakani nikiyauza hayo mia kwa 17,000 bila kununua mengine, mtindo wa kwanza utanipa faida ya 3,000 na wastani utanipa 5,000. Jumlisha miaka miwili: 15,000 huku, 15,000 kule. Kodi haikufutwa, iliahirishwa. Bei zikiendelea kupanda na rafu ikijazwa kila mwaka, ahirisho linasogea mbele, na hapo mtu anapata pumzi. Rafu ikiwa tupu mwisho wa mwaka wa kwanza, hakuna tofauti kabisa. Na bei zikianza kushuka, wastani huohuo ndio utakaonipandishia faida.

"Zikishuka si nitarudi kwenye mtindo wa zamani?" Akavua miwani. Mtindo si shati la kubadili kila jua likitoka. Ukiuchagua unakaa nao, na ukitaka kuuacha unatakiwa uwe na sababu ya maana na upige upya hesabu za miaka iliyopita, tena kwa masharti ya sheria ya kodi. Kulipa kidogo, akasema, si sababu ya maana. Kwangu mimi sijawahi kusikia yenye maana zaidi.

Nikamuuliza basi kama watu wa kodi wanaweza kupokea makufuli, maana faida yao iko palepale rafuni, wachague wenyewe ya zamani au mapya. Akafunga faili.