Kaliyuga bado changa sana

"Kama kila kitu kitarudi kilipoanzia, mtu anajisumbua nini sasa?"

Swali zuri, na mimi naona Wahindu wanaonewa sana hapo. Watu wakisikia kwamba kwa Wahindu muda unazunguka wanadhani leo ikipita kesho inarudi ileile, basi mtu akae tu asubiri. Tatizo ni kwamba hawajaangalia ukubwa wa huo mzunguko. Enzi ziko nne, Krita, Treta, Dvapara na Kali, yaani Kaliyuga, hii tuliyomo, na urefu wake unashuka kwa uwiano wa 4, 3, 2, 1. Kali ndo fupi kuliko zote na yenyewe peke yake ni miaka 432,000! Zote nne zikijumlishwa ni 4,320,000, halafu mizunguko 1,000 ya namna hiyo ndo mchana mmoja wa Brahma, mungu muumbaji.

Sasa hiyo 432,000 mimi huwa hainitoki kichwani. Kwa hesabu ya wanajimu wao Kaliyuga ilianza Februari mwaka 3102 KK, yaani mpaka leo imepita miaka elfu tano na ushee, haijafika hata asilimia mbili. Wale wanaosema dunia imeharibika kwa hiyo Kali inakaribia kuisha, kwa hesabu hii wamewahi mno, maana ndo kwanza imeanza. Na hakuna mwanadamu atakayeishi akaona duara linafunga, wala mjukuu wake, wala dola yoyote unayoijua. Ukisimama ndani ya duara kubwa hivyo, njia iliyo mbele yako imenyooka tu, kwa hiyo mtu anapanda, anadai deni, anaandika tarehe kama mtu mwingine yeyote.

Na walikuwa wanaandika kweli. Kule Aihole, Karnataka, kuna hekalu la Wajaini lenye maandishi ya mshairi Ravikirti aliyekuwa anamsifu mfalme wake Pulakeshin wa Pili. Akaweka tarehe mbili kwa pamoja, miaka 3,735 tangu vita vya Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa Kihindi, vita vinavyohesabiwa hapo kuanzia mwaka uleule wa 3102 KK, na mwaka 556 wa kalenda ya Shaka, inayoanza mwaka 78 BK. Piga hesabu zote mbili uone, zinaangukia 634 BK au hapo hapo. Yaani jamaa anahesabu mstari ulionyooka akiwa ndani ya Kali na hashangai chochote, wakati kina James Mill huko Uingereza karne ya 19 walishika bango kwamba Wahindi hawana historia. Mwanahistoria Romila Thapar ameeleza hili vizuri, kwamba duara na mstari vilikaa pamoja India siku zote.

Mpaka leo kabla ya ibada kuhani anasoma nia, anaanza na siku ya Brahma tuliyomo, anataja kipindi cha Manu wa saba, yaani baba wa wanadamu wa kipindi hicho, mzunguko wa 28, Kali, robo yake ya kwanza, halafu anashuka mpaka mahali, mwezi, tarehe, na mwisho jina la huyo anayefanya ibada na ukoo wake. Mamilioni yote hayo yanaishia kwa mtu mmoja na anachotaka kufanya asubuhi hiyo.

Ila wanaopinga nao wana hoja, tusijifanye hatuioni. Hizi enzi hazizunguki tu, zinaporomoka, dharma, yaani haki na wema, ni ng'ombe dume anayepoteza mguu mmoja kila enzi na Kali amebaki na mmoja. Na ukisoma dalili za Kali kwenye Purana, vitabu vyao vya kale vya dini, nyingi ni malalamiko ya Mabrahmini, tabaka la makuhani, kwamba Mashudra, tabaka la chini la watumishi, hawawanyenyekei tena, hiyo ni siasa ya tabaka kabisa. Wanasheria nao wakatengeneza orodha ya mambo yaliyoruhusiwa zamani ila marufuku kwenye Kali, mojawapo kusafiri baharini kwa watu wa tabaka za juu (na bado Wabhatia wa Kachi walipanda majahazi wakaja kufanya biashara Zanzibar). Kwa hiyo ndiyo, enzi iligeuzwa fimbo.

Lakini fimbo hiyohiyo Vishnu Purana inaigeuza upande wa pili. Wahenga wanamfuata Vyasa, mhenga anayehesabiwa mtunzi wa Mahabharata, wanamkuta anaoga mto Ganga, anazama, anaibuka anasema Kali ni njema, anazama tena, anasema Mashudra ni wema, mara ya tatu anasema wanawake ni wema. Walipomuuliza akawajibu kwamba thawabu iliyohitaji miaka kumi Krita, Treta ilihitaji mwaka, Dvapara mwezi, na Kali inapatikana kwa mchana na usiku mmoja. Enzi mbovu ndo yenye thawabu rahisi! Na kwenye Mahabharata mzee Bhishma anamwambia mfalme Yudhishthira asiwe na shaka kama ni wakati unaomfanya mfalme au mfalme anaufanya wakati, mfalme ndiye anayeufanya, akitawala kwa haki yote Krita inakuwepo hapo hapo, akiacha haki kabisa anawaletea watu wake Kali. Mfalme anayeharibu nchi akasingizia Kali, basi, kwa maneno ya Bhishma anajishtaki mwenyewe.