Msiiharakishe kahawa ya Kivietnamu

Juzi niliagiza kahawa ya Kivietnamu kwenye mgahawa mmoja hapa Dar. Fini ililetwa kweli, kile kichujio kidogo cha bati kinachokaa juu ya glasi, na chini yake maziwa mazito ya kopo. Nikafurahi. Kisha mhudumu akatazama matone yanavyodondoka, akaona yanachelewa, akafungua kifuniko na kulegeza kile kibati cha kukandamizia kahawa. Maji yote yakapita kwa pamoja. "Dada, hii ingekuweka sana," akaniambia.

Nilikuwa nimekwenda kuwekwa! Nilichokunywa ni maziwa matamu yenye rangi ya kahawa.

Simlaumu yule kijana, maana hakuna aliyemfundisha. Nawalaumu wanaonunua kifaa na kukiweka mezani kama pambo. Kule kuchelewa ndiko kunakoipika kahawa. Fini haina mashine ya kusukuma maji wala karatasi ya kuyazuia. Kinachoyazuia ni kahawa yenyewe, imelala chini ya kibati, na maji yanajipenyeza humo taratibu yakitoka na uzito na uchungu wake. Ukiyaachia yapite mbio yanatoka mepesi, na maziwa ya kopo, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni sukari, yanaimeza kahawa yote.

Nyumbani naweka vijiko viwili vya chakula vya maziwa kwenye glasi, na gramu 20 za kahawa kwenye fini. Naitikisa kidogo kahawa ilale sawa, naweka kibati juu bila kukibana, kisha namimina maji yaliyotoka kuchemka, kiasi cha kulowesha tu, kama mililita 25. Hapo nasubiri nusu dakika. Kahawa inavimba na kutoa hewa, na ikishavimba ndipo inapoweza kuyashika maji. Ukiruka hatua hii, maji yanajitafutia njia pembeni na kuacha kahawa kavu katikati. Baada ya hapo naongeza kama mililita 80, nafunika, naondoa mkono.

Tone la kwanza lisipoonekana baada ya dakika mbili, kahawa imesagwa laini mno au kibati kimebanwa. Glasi ikijaa ndani ya dakika moja, imesagwa kwa chenga kubwa mno, au kibati kimelegea. Ninachotaka ni tone baada ya tone, na kazi yote iishe kwa dakika nne au tano. Chenga ziwe kubwa kuliko za kahawa ya mashine. Unga laini kama ule wa kahawa yetu ya vijiweni unaziba matundu kabisa.

Kuna watakaosema sukari ni nyingi. Ni nyingi, sawa. Lakini maziwa hayo yaliingia Vietnamu kwa sababu: wamisionari Wafaransa walileta kahawa mwaka 1857, na katika nchi ya joto, yenye ng'ombe wachache wa maziwa na isiyo na majokofu, maziwa mabichi yasingedumu. Ya kopo yalidumu. Na yakakutana na robusta, kahawa chungu yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika, ambayo leo inajaza mashamba ya nyanda za juu kuzunguka Buon Ma Thuot. Uchungu ule na utamu ule vinashindana ndani ya glasi, na hakuna kinachomshinda mwenzake.

Ndiyo maana nakasirika zaidi nikikuta fini imetiwa arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa kidogo. Ni kahawa nzuri, naipenda, ila ina uchachu mwembamba wa matunda unaopotea mara tu unapokutana na maziwa ya kopo. Sisi robusta tunayo! Kagera inalima robusta, na Wahaya walikuwa wakizichemsha na kuzitafuna buni hizo kabla mkoloni hajafika. Inakuwaje mgahawa wa Dar unatundika picha za Saigoni ukutani na kuisahau Bukoba?

Kwa wanaopenda ya barafu: koroga kahawa na maziwa ikiwa bado moto, halafu ndipo umimine juu ya barafu. Ukitanguliza barafu kwenye maziwa, yanaganda chini ya glasi na kijiko hakiyatoi.

Na nyie wenye migahawa, andikeni dakika tano kwenye orodha yenu, pembeni ya bei. Mwenye haraka ataagiza kitu kingine. Kisha nunueni robusta ya Kagera, ikaangwe hadi iwe nyeusi, isagwe kwa chenga, na mhudumu akishafunika fini asiiguse tena hadi matone yaishe.