Msiyaguse matarumbeta ya watu

Juzi kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, mjumbe mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, alisimama akasema bajeti ya matarumbeta ifutwe. Nikadhani shida ni hela, kumbe la, akasema ule ni ukoloni, mzungu katuachia na sisi tunaukumbatia mpaka kwenye harusi zetu. Watu wakapiga makofi! Nilinyamaza kwa adabu tu lakini usingizi sikupata, kwa hiyo nayasema hapa.

Bendi ya kijeshi kweli waliileta wao, Wajerumani na Waingereza wote walikuwa na bendi za askari, na gwaride lilikuwa la kututisha. Hilo sibishi. Lakini watu wa Lamu na Mombasa walianza kucheza ngoma ya beni tangu miaka ya 1890, na hakuna afisa aliyewatuma, walilitazama lile gwaride wakalichukua, wakaweka ngoma yao chini, maneno ya Kiswahili juu, na mashindano ya mtaa kwa mtaa kama ilivyokuwa kawaida ya pwani hata kabla mzungu hajafika. Bara zikaja beni mbili zinazoshindana, Marini na Arinoti, kila upande na vyeo vyake, Kingi, jenerali, kapteni, na vyeo hivyo vilikuwa na kazi, maana mwanachama akifa ugenini wenzake wa beni ndio waliomzika, na msafiri akishuka mji asioujua anauliza tu beni yake iko wapi. Vita ya kwanza ilipopiganwa askari wa Mjerumani na wa Mwingereza walikuwa wanapigana huku wengi wao ni watu wa beni zilezile, na ilipoisha Waingereza wakaanza kuichunguza kwa wasiwasi kwamba kuna njama ndani yake. Sasa kama ni mali yao, waliogopa nini?

Mimi kwetu ni Nyasa, na hapa ndipo jambo hili linaponigusa. Askari na wapagazi waliporudi kutoka vitani waliirudisha beni mpaka ziwani, ikawa ngoma ya mganda kwetu, na ng'ambo ya Malawi wana malipenga yao. Wanaume wamejipanga mistari, mashati meupe, kaptula zimepigwa pasi, mguu unatupwa kwa pamoja. Ila tarumbeta la shaba hakuna mwanakijiji angelinunua. Wakatumia vibuyu.

Babu alikuwa nacho kimoja, amenishikisha mimi mwenyewe. Ni kibuyu chenye shingo ndefu, kimekatwa pande zote mbili, halafu ubavuni kuna tundu dogo limefunikwa kwa utando, ule mweupe mzito ambao buibui anaufunikia mayai yake ukutani. Unaubandua taratibu na kuugandisha juu ya tundu. Na hukipulizi! Nilipuliza mpaka mashavu yakauma, haikutoka kitu, babu akaniambia, "Mjukuu wangu, imba humo ndani." Nikaimba, ule utando ukatetemeka, sauti yangu ikatoka inakwaruza kama tarumbeta kabisa. Ukisikia sauti ya mtu tupu ujue utando umechanika, ukisikia mlio mzito uliofifia ujue umelowa mate, kiweke juani kwanza. Kibuyu kidogo kinabeba sauti za juu, kikubwa kinanguruma chini, ukiweka na lile goma kubwa basi una bendi nzima bila kipande cha shaba. Mtu aliyetengeneza hivyo huwezi kumwambia ameiga. Ameijenga upya kwa alichonacho shambani.

Zanzibar nao beni ya harusi ipo hadi leo, na Walutheri wa Moshi muwaulize wenyewe tarumbeta kwao ni nini asubuhi ya Pasaka.

Kama mjumbe wetu anautafuta ukoloni, nitamkubalia sehemu moja, japo roho inaniuma. Jeshi la Mwingereza la King's African Rifles lililokuwa hapa liliitwa Tanganyika Rifles mwaka 1961, wakaasi Januari 1964, likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa JWTZ. Tulibadilisha jeshi zima, lakini gwaride la sherehe za taifa bado linakwenda kwa mwendo wa pole na mwendo wa haraka kama walivyofundisha Waingereza, mpiga ngoma mkuu na fimbo yake mbele. Pale kweli tungeweza kuuliza kwa nini goma la mganda halijawahi kuongoza hata mzunguko mmoja. Lakini vijana wanaokuja juu ya pikapu, ngoma imefungwa kamba, wanamtoa bibi harusi nyumbani kwa wimbo ambao mtaa mzima unaujua, wale ni wajukuu wa beni.

Kikao kijacho ni Jumamosi. Kibuyu cha babu nimekitoa sandukuni, utando wake umeshachanika, nimeanza kutafuta buibui kwenye kuta za stoo. Nikipata mzuri, mjumbe wetu ndiye nitakayemkabidhi aimbe wa kwanza.